Shilingi Elfu Sitini kwa Muziki wa Mchezo Mzima

Mtengenezaji wa michezo ya kompyuta anayefanya kazi peke yake hufikia siku ambayo mchezo wake unachezeka, lakini ni bubu. Picha zipo, kanuni zipo, mchezaji anashinda na kushindwa, ila hakuna muziki. Wachache hujitungia wenyewe. Eric Barone aliyetoa Stardew Valley mwaka 2016 aliutunga muziki wake wote, na Toby Fox aliyetoa Undertale mwaka 2015 alikuwa mtunzi tangu mwanzo. Wengine wote hulazimika kumwandikia mtu wasiyemjua, anayeishi kwa kazi yake ya muziki, na kumwomba afanye kazi kubwa kwa fedha ndogo.

Barua pepe hiyo ndiyo habari ya makala haya. Nyingi ya aina hii hazijibiwi, na mara nyingi kinachoziua si udogo wa fedha. Mwandishi huwa ametaja fedha ndogo kisha akaomba kazi kubwa isiyo na mipaka, akijaza pengo kwa sifa na ahadi. Bajeti ndogo haitibiwi kwa maneno matamu. Hutibiwa kwa mambo mawili: kupunguza kazi mpaka ilingane na fedha, na kumwachia mtunzi haki ambazo mchezo hauzihitaji.

Kupunguza kazi kabla ya kuandika

Tuchukue mfano wa msanidi wa Nairobi anayetengeneza mchezo wa nahodha wa jahazi anayebeba mizigo kati ya Lamu na Mombasa. Mchezo unamalizika kwa saa mbili hivi. Amejiwekea shilingi 60,000 za Kenya kwa ajili ya muziki, na hana nyingine. Mtunzi anayemtaka yuko Mombasa, anapiga udi na kurekodi nyumbani kwake.

Orodha yake ya kwanza ina vipande 14: kila bandari na wimbo wake, dhoruba na wimbo wake, soko na wimbo wake. Jumla ni kama dakika 30. Watunzi wengi wa kazi huru huhesabu bei kwa dakika ya muziki uliokamilika, hivyo hesabu ya kwanza atakayoifanya mtunzi akiisoma orodha hiyo ni kugawa 60,000 kwa 30. Anapata shilingi 2,000 kwa dakika. Dakika moja iliyotungwa, ikapigwa, ikachanganywa na kusahihishwa inaweza kula siku nzima ya kazi, na kwa 2,000 kwa siku hakuna mazungumzo.

Basi msanidi anarudi kwenye mchezo wenyewe na kuuliza mchezaji anahitaji kusikia nini, na wapi. Bandari zote ni mahali pa aina moja: mtu anashusha mzigo, anapanga safari, anaondoka. Wimbo mmoja unazitosha. Sokoni kelele za watu zinatosha bila muziki. Kilichobaki kikubwa ni bahari, ambako mchezaji anakaa muda mwingi kuliko kwingine kote, na ambako hali hubadilika: shwari, upepo wa kusi ukianza kuvuma, kisha dhoruba.

Hapo ipo mbinu inayookoa fedha nyingi. Badala ya nyimbo tatu za bahari, mtunzi anatunga wimbo mmoja na kuutoa katika matabaka matatu, kila tabaka faili lake: udi na sauti nzito ya chini katika la kwanza, kanuni katika la pili, ngoma katika la tatu. Faili zote tatu zina urefu uleule na huanza kucheza kwa wakati mmoja. Bahari ikiwa shwari, mchezo unaacha tabaka la kwanza pekee lisikike. Upepo ukiongezeka, sauti ya kanuni inapandishwa taratibu. Dhoruba ikiingia, ngoma zinafunguliwa. Mchezaji anasikia muziki ukibadilika pamoja na bahari, na mtunzi amelipwa kwa wimbo mmoja ambao kweli ameutunga.

Orodha mpya ina dakika sita na nusu, pamoja na vipande vitatu vifupi vya sekunde tano tano. Ukigawa 60,000 kwa sita na nusu unapata zaidi kidogo ya shilingi 9,200 kwa dakika. Fedha ni zilezile, lakini sasa mtunzi ana sababu ya kusoma mpaka mwisho.

Barua yenyewe

Hivi ndivyo inavyoweza kuandikwa:

> Kichwa: Kazi ya muziki wa mchezo: dakika 6 na nusu, Ksh 60,000
>
> Dada, salamu.
>
> Mimi ni msanidi wa michezo ya kompyuta, naishi Nairobi na nafanya kazi peke yangu. Nimekuandikia kwa sababu ya kile kipande chako kirefu cha udi, hasa pale ngoma zinapoingia na udi ukaendelea na mwendo wake bila kuharakishwa. Mchezo wangu unahitaji utulivu wa namna hiyo.
>
> Mchezo unamhusu nahodha wa jahazi kati ya Lamu na Mombasa. Unachukua kama saa mbili. Nimeambatisha video ya sekunde 90, haina sauti.
>
> Ninachohitaji:
> Bandarini, dakika 1:30, unajirudia.
> Baharini, dakika 2:30, unajirudia, katika matabaka matatu.
> Usiku, dakika 1:30, unajirudia.
> Mwisho, dakika 1:00, haujirudii.
> Vipande vitatu vya sekunde tano: kufika, kupoteza mzigo, kupata bandari mpya.
>
> Bajeti yangu yote ni Ksh 60,000. Fedha ninazo tayari. Najua ni kidogo. Kama hazitoshi kwa orodha hii, niambie zinatosha kwa kiasi gani, nami nitapunguza orodha.
>
> Malipo kwa M-Pesa: 24,000 kabla hujaanza, 18,000 nikishasikia rasimu za vipande vyote, 18,000 ukikabidhi faili za mwisho. Marekebisho ni mara mbili kwa kila kipande. Yakizidi hapo nitayalipia.
>
> Hakimiliki inabaki kwako. Mimi naomba leseni ya kuutumia muziki ndani ya mchezo huu na katika matangazo yake, kwenye mashine zote na nchi zote, bila kikomo cha muda. Unaweza kuuza albamu yako siku mchezo utakapotoka. Naomba tu muziki huu usiingie kwenye mchezo mwingine.
>
> Naomba faili za mwisho wiki kumi baada ya malipo ya kwanza. Ukinijibu ndani ya wiki mbili nitashukuru, hata jibu likiwa hapana.

Barua ni fupi. Mtunzi anaweza kuisoma kwenye simu akiwa kwenye matatu, na akishuka anajua kazi ni ipi, inalipa kiasi gani, lini, na atabaki na nini. Tuitazame kwa vipande vyake.

Kiasi hutajwa kwenye kichwa

Waandishi wengi huficha kiasi. Huandika kwamba bajeti "itajadiliwa", wakitumaini mtunzi ataupenda mchezo kwanza kisha apunguze bei kwa huruma. Mtunzi mzoefu huisoma kauli hiyo kama fedha haipo. Kiasi kikiwekwa kwenye kichwa cha barua, anayeona hakimfai anapita bila kupoteza muda, na anayeendelea kusoma ameshakubali kuwa ni fedha za kuzungumzia.

Sentensi ya sifa nayo ina kazi yake. Haisemi kwamba mtunzi ana kipaji. Inataja mahali mahususi katika kazi yake, na kwa kufanya hivyo inamwambia muziki wa mchezo uende upande gani. Vilevile inamkinga na usumbufu wa kuambiwa atunge kitu kinachofanana na filamu fulani maarufu yenye okestra ya watu wengi. Ukimwelekeza mtunzi kwenye kazi yake mwenyewe, unaomba kitu ambacho una hakika anaweza kukifanya kwa vyombo alivyo navyo.

Kuna jambo ambalo barua haikuliomba: kipande cha majaribio cha bure. Mtunzi ana kazi zake hadharani, na hizo ndizo majaribio. Kumwomba atunge bila malipo ili umpime, kwenye kazi ya shilingi 60,000, ni kumwomba sehemu ya kazi yenyewe bure.

Haikutoa pia ahadi ya mgawo wa mauzo mahali pa malipo. Tufanye hesabu. Mchezo ukiuzwa shilingi 500 na wakanunua watu 300, hayo ni mauzo ya 150,000. Duka la Steam huchukua asilimia 30, yaani 45,000, zikabaki 105,000 kabla ya kodi na gharama nyingine. Asilimia kumi ya hizo ni 10,500. Mtunzi angesubiri mpaka mchezo utoke, kisha miezi ya mauzo, apate fedha pungufu ya nusu ya malipo ya kwanza yaliyo kwenye barua hii. Mgawo unaweza kuongezwa juu ya malipo kama shukrani iwapo mchezo utauza vizuri. Ukiwekwa badala ya malipo, hatari yote ya biashara inahamia kwa mtu ambaye hana uwezo wa kuamua lini mchezo utoke wala uuzwe vipi.

Neno "unajirudia" lina maana ya kiufundi

Muziki wa filamu huanza na kwisha. Wa mchezo haujui mchezaji atakaa bandarini kwa sekunde ishirini au dakika ishirini, kwa hiyo lazima mwisho wake uungane na mwanzo bila mshono kusikika. Ndiyo maana barua inataja kipande kipi kinajirudia na kipi hakijirudii. Hiyo ni kazi tofauti kwa mtunzi, na asipoambiwa mapema atatunga mwisho mzuri unaofifia, ambao mchezoni utasikika kama muziki umekatika na kuanza upya.

Kuna makosa mawili yanayojitokeza sana. La kwanza ni mwangwi wa noti ya mwisho. Udi ukipigwa, sauti inaendelea kulia kidogo baada ya kidole kuondoka. Faili ikikatwa pale pir ya mwisho inapokwisha, mwangwi huo unakatwa nao, na sikio linahisi pengo. Mafundi hucheza wimbo mara mbili mfululizo kwenye programu ya kurekodia na kuchukua mzunguko wa pili pekee, kwa kuwa mwanzo wake tayari umebeba mwangwi wa mwisho wa mzunguko wa kwanza.

Kosa la pili ni aina ya faili. MP3 huongeza ukimya mfupi mwanzoni na mwishoni kwa jinsi inavyobana sauti, na ukimya huo huvunja mdundo kila wimbo unapojirudia. Mtunzi akikabidhi WAV, msanidi anaweza kuzibana mwenyewe kuwa OGG, ambayo huhifadhi urefu kamili.

Kuyagundua makosa haya hakuhitaji studio. Cheza faili ijirudie, fumba macho, gonga meza kwa mdundo. Mkono ukikosea pale muziki unapozunguka, faili ina kasoro. Unaweza pia kukagua kwa hesabu. Wimbo wa bahari ukiwa na mapigo 96 kwa dakika na kila fungu la mdundo likiwa na mapigo manne, fungu moja ni sekunde 2.5, na mafungu 60 ni dakika 2:30 kamili. Tabaka mojawapo likija na urefu tofauti hata kwa sehemu ya sekunde, ngoma zitaanza kuachana na udi kadiri mchezaji anavyoendelea kusafiri.

Haki, na ukimya wa sheria

Aya ya haki ndiyo ambayo wengi huiacha, wakidhani ni mambo ya kampuni kubwa. Nchini Kenya kuiacha kuna matokeo ambayo wengi hawayatarajii. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inasema kwamba kazi ikiagizwa na mtu ambaye si mwajiri wa mtunzi, hakimiliki huhesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa wawili hao wamekubaliana vinginevyo. Uingereza ni kinyume chake: mtunzi huru hubaki na hakimiliki mpaka aihamishe kwa maandishi. Kwa hiyo mtunzi wa Mombasa akikubali kazi kwa mazungumzo ya simu tu, anaweza kujikuta hana haki ya kuuza wimbo alioutunga mwenyewe.

Barua yetu inasema waziwazi kwamba hakimiliki inabaki kwake, na hapo ndipo msanidi maskini ana kitu cha thamani cha kutoa. Yeye anauhitaji muziki ndani ya mchezo na kwenye matangazo. Hana mpango wa kuuza albamu, wala wa kupiga wimbo huo ukumbini. Vyote hivyo mtunzi anaweza kuvifanya, na vinaweza kumpa zaidi ya malipo ya awali. Christopher Tin alitunga "Baba Yetu", wimbo wa maneno ya Kiswahili, kwa ajili ya mchezo wa Civilization IV wa mwaka 2005. Baadaye aliuweka kwenye albamu yake ya Calling All Dawns, na mwaka 2011 ukawa muziki wa kwanza uliotungwa kwa ajili ya mchezo wa kompyuta kushinda tuzo ya Grammy. Uhai wa wimbo haukuishia ndani ya mchezo.

Lakini msanidi naye lazima ajilinde, na maneno yanayomlinda ni "mashine zote na nchi zote, bila kikomo cha muda". Super Meat Boy ilipotoka mwaka 2010, mtunzi wake Danny Baranowsky alibaki na haki za muziki wake. Mchezo ulipopelekwa kwenye mashine za PlayStation mwaka 2015, ulitoka na muziki mwingine kabisa uliotungwa na watu wengine. Wachezaji waliouzoea muziki wa kwanza hawakuupata. Leseni inayotaja mashine zote tangu siku ya kwanza huzuia hali hiyo, na haimgharimu mtunzi chochote anachokihitaji kwa albamu yake.

Jambo moja zaidi liulizwe mapema: je, mtunzi ni mwanachama wa chama cha kukusanya mirabaha, au husajili kazi zake kwenye mfumo wa Content ID wa YouTube? Akizisajili, watu wanaojirekodi wakicheza mchezo na kuweka video mtandaoni wanaweza kudaiwa kwa sababu ya muziki, na hao ndio wanaoutangaza mchezo bila malipo. Si lazima mtunzi aache kujisajili. Inatosha wakubaliane ni haki zipi alishazikabidhi kwingine, na video za wachezaji zitashughulikiwaje.

Mtunzi akijibu kwamba hazitoshi

Tuseme dada wa Mombasa anajibu kwa upole kwamba kazi anaipenda, lakini bei yake ni shilingi 12,000 kwa dakika. Hapa ndipo barua nzuri hulipa. Msanidi hana haja ya kubembeleza, kwa sababu aliahidi kupunguza orodha. Anagawa 60,000 kwa 12,000, anapata dakika tano. Anahitaji kuondoa dakika moja na nusu, na huo ndio urefu wa wimbo wa usiku. Usiku baharini anaweza kutumia tabaka la kwanza la wimbo wa bahari, udi na sauti nzito pekee, pamoja na mawimbi. Mtunzi amepata bei yake, msanidi amebaki ndani ya bajeti, na mchezo umepoteza kidogo sana.

Ikiwa hata hiyo haiwezekani, ipo njia nyingine. Msanidi anaweza kuomba leseni ya vipande ambavyo mtunzi alishavirekodi. Jonathan Blow alifanya hivyo katika Braid ya mwaka 2008: badala ya kuagiza muziki mpya, alichukua leseni za kazi zilizokwisha kutolewa na wanamuziki kama Jami Sieber na Shira Kammen, na mchezo huo bado unakumbukwa kwa muziki wake. Kasoro ya njia hii ni kwamba vipande havikutungwa ili vijirudie wala havina matabaka, hivyo bahari ya msanidi wetu haitabadilika pamoja na upepo. Faida yake ni kwamba mtunzi analipwa kwa kazi ambayo tayari imekwisha.

Wakikubaliana, barua hiyohiyo inageuzwa kuwa mkataba wa ukurasa mmoja, kwa kuwa karibu kila kifungu kimo ndani yake: orodha, malipo, marekebisho, haki, tarehe. Kinaongezwa kimoja tu, cha kazi kukatika. Msanidi akiuacha mchezo baada ya rasimu, mtunzi abaki na fedha alizokwisha kulipwa na muziki wote aliotunga. Mtunzi akiacha kazi kabla ya kukabidhi rasimu yoyote, arudishe malipo ya kwanza. Wote wawili watie saini, kisha shilingi 24,000 zitumwe, na wiki kumi zianze kuhesabiwa tangu siku hiyo.